Herufi Tatu na Jina la Redioni: Mwongozo wa Kutambua Nchi ya Shirika la Ndege

Ndege ya shirika la abiria au la mizigo huwa na majina mawili ikiwa angani. La kwanza huandikwa: ni herufi tatu zinazofuatwa na nambari ya safari. La pili husemwa: ni neno moja au mawili ambayo rubani huyatamka redioni badala ya kuzitaja herufi hizo moja moja. Ndege ya Kenya Airways huandikwa KQA na kuitwa KENYA. Ya British Airways huandikwa BAW na kuitwa SPEEDBIRD. Herufi na neno hutolewa kwa shirika moja, na shirika hilo huorodheshwa chini ya nchi moja. Kwa hiyo anayejua kuzisoma anaweza kutambua shirika ni la nchi gani, hata pale ambapo rangi za ndege, tiketi au njia inayopita vinaelekeza kwingine.

Herufi hizo huonekana kwenye programu za simu zinazofuatilia ndege. Neno husikika redioni, katika rekodi za mazungumzo ya marubani na mnara, na katika taarifa za uchunguzi wa ajali. Sehemu zinazofuata zinaeleza kwanza kwa nini herufi zina nchi, kisha namna ya kuisoma nchi hiyo, na mwisho mahali ambapo wasomaji wengi hukosea.

Kwa nini herufi tatu zina nchi

Vitambulisho vya herufi tatu hugawiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal, Kanada. Shirika la ndege haliendi huko kujiombea lenyewe. Maombi hupitia mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, na mamlaka nyingine za aina hiyo kwingineko. Yakikubaliwa, kitambulisho huingizwa katika orodha ya ICAO iitwayo Doc 8585. Humo kila mstari una mambo manne: herufi tatu, jina la shirika, jina la redioni, na nchi.

Nchi hiyo ndiyo iliyolipatia shirika cheti cha uendeshaji na ndiyo yenye wajibu wa kulisimamia: kukagua marubani wake, matengenezo ya ndege zake na namna linavyofanya kazi. Inaweza isiwe nchi ya wenye hisa, wala nchi ndege ilikosajiliwa, wala mji ilikoanzia safari siku hiyo. Makosa mengi katika jambo hili yanatokana na kuchanganya nchi hizo nne, na kwa sababu hiyo swali linapaswa kuwekwa sawa kabla ya kutafuta jibu. Herufi tatu zinajibu swali moja tu: ni nani anayeendesha safari hii, na ni serikali ipi inayomsimamia.

Herufi mbili za kwenye tiketi ni mfumo mwingine. Hizo hutolewa na IATA, chama cha mashirika ya ndege yenyewe, kwa kazi ya kuuza tiketi na kusafirisha mizigo. Air Tanzania ni TC kwenye tiketi na ATC angani. Precision Air ni PW kwenye tiketi na PRF angani. RwandAir ni WB chini na RWD juu. Waongoza ndege nao waliwahi kutumia herufi mbili, lakini mashirika yaliongezeka hadi michanganyiko ikaanza kuisha. Herufi tatu zikawa kanuni ya kimataifa mwaka 1987.

Hatua za kusoma kitambulisho

1. Tafuta kitambulisho cha safari kama ndege yenyewe inavyokitangaza. Kwenye programu nyingi za simu huwa kwenye nafasi tofauti na nambari ya tiketi. Safari moja inaweza kuonyesha KQ juu na KQA chini yake. Inayohitajika ni ile ya herufi tatu.

2. Tenga herufi tatu za mwanzo, kisha tazama alama ya nne. Ikiwa ni tarakimu, kuna uwezekano mkubwa kwamba hicho ni kitambulisho cha shirika. Ikiwa alama zote ni herufi, au mwanzo wake ni kitu kama 5H au 5Y, hiyo ni nambari ya usajili wa ndege. Ndege ndogo za binafsi na nyingi za kukodi huruka kwa nambari ya usajili na hazina herufi tatu.

3. Zitafute herufi hizo kwenye orodha. Doc 8585 ndiyo chanzo rasmi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, huchapisha bila malipo kitabu chake kiitwacho JO 7340.2, chenye orodha ndefu ya mashirika ya dunia, na ndani yake nchi ina safu yake. Orodha inaweza kupekuliwa kwa herufi, kwa jina la shirika au kwa neno la redioni.

4. Soma safu ya nchi kabla ya safu ya jina. Jina la shirika linaweza kupotosha. Safu ya nchi iliandikwa kwa ajili ya swali hilihili.

5. Linganisha na nambari ya usajili iliyoandikwa ubavuni mwa ndege karibu na mkia. Zikikubaliana, kazi imekwisha. Zikitofautiana, usibadilishe jibu. Tafuta sababu ya tofauti hiyo kwa njia iliyoelezwa mbele.

Anayeanza na sauti badala ya maandishi huongeza hatua moja ya mwanzo: aliandike neno kama alivyolisikia, kisha alitafute kwenye safu ya majina ya redioni ili apate herufi. Nambari zinazofuata neno hutamkwa kwa Kiingereza, mara nyingi tarakimu moja moja, na tisa husemwa «naina» ili isichanganywe na tano. Nambari hizo hazina habari ya nchi, kwa hiyo zinaweza kuachwa.

*Kisanduku: vitambulisho vinavyoonekana mara kwa mara Afrika Mashariki*

| Herufi | Jina la redioni | Shirika | Nchi |
|---|---|---|---|
| ATC | TANZANIA | Air Tanzania | Tanzania |
| PRF | PRECISION AIR | Precision Air | Tanzania |
| KQA | KENYA | Kenya Airways | Kenya |
| UGD | CRESTED | Uganda Airlines | Uganda |
| RWD | RWANDAIR | RwandAir | Rwanda |
| ETH | ETHIOPIAN | Ethiopian Airlines | Ethiopia |
| MSR | EGYPTAIR | EgyptAir | Misri |
| OMA | OMAN AIR | Oman Air | Oman |
| FDB | SKYDUBAI | flydubai | Falme za Kiarabu |
| QTR | QATARI | Qatar Airways | Katari |
| THY | TURKISH | Turkish Airlines | Uturuki |

Herufi zenyewe zinasema kiasi gani

Mtu aliyezoea vitambulisho vya viwanja vya ndege hutarajia kwamba herufi mbili za kwanza zitampa nchi. Kwenye viwanja ni kweli: HT ni Tanzania, HK ni Kenya, HU ni Uganda, HR ni Rwanda, na uwanja wa Zanzibar ni HTZA. Kwenye mashirika ya ndege hakuna mpangilio wa namna hiyo. Shirika huomba herufi zinazolifaa, na hupewa zikiwa hazina mwenyewe. Hakuna herufi ya Afrika wala ya Ulaya. Michanganyiko michache tu imezuiwa kwa sababu ya usalama. Kwa mfano, SOS hapewi mtu.

Kosa la karibu na hilo ni kudhani kwamba herufi tatu za shirika ni zile tatu za nchi zinazotumika katika michezo au katika pasipoti. UAE ni Emirates peke yake. Etihad, ya nchi ileile, ni ETD. Uganda Airlines ni UGD, na RwandAir ni RWD. Mara chache herufi hugongana na za nchi, kama FIN ya Finnair ya Ufini, lakini hilo haliwezi kugeuzwa kanuni. SWA humfanya mtu afikirie Uswisi, kumbe ni Southwest ya Marekani. Shirika la Swiss ni SWR.

Kinachosaidia zaidi ni kujua kwamba herufi nyingi ni mabaki ya jina, na pengine la zamani. ATC ya Air Tanzania inatokana na Air Tanzania Corporation, jina ambalo shirika lilizaliwa nalo mwaka 1977 baada ya East African Airways kuvunjika. Anayejifunza mambo ya anga huisoma ATC kama kifupi cha Kiingereza cha uongozaji wa ndege, na ni rahisi kudhani kwamba skrini imekosea. MSR nayo haikutokana na neno la Kiingereza la nchi ile: ni konsonanti za Misri, na msomaji wa Kiswahili huitambua papo hapo.

Neno la redioni: aina tatu

ICAO hupendelea neno fupi, lisilofanana na mengine yanayotumika katika anga ileile, na linalokaribiana na jina la shirika. Ndani ya masharti hayo mashirika yamechagua njia tofauti, na kila njia ina thamani yake kama dalili ya nchi.

Aina ya kwanza ni neno linalotaja nchi waziwazi: TANZANIA, KENYA, ETHIOPIAN, TURKISH. Hapa hakuna la kufafanua. Tahadhari ni moja tu: jina la nchi redioni halina maana kwamba shirika hilo ndilo pekee la nchi hiyo. Precision Air ni ya Tanzania sawasawa na Air Tanzania, ingawa neno lake halisemi hivyo.

Aina ya pili ni alama ya nchi, na hii ndiyo yenye utamu. CRESTED ya Uganda Airlines inamtaja korongo mwenye kishungi aliyeko katikati ya bendera ya Uganda. SPRINGBOK ya South African Airways ni swala anayetambulisha Afrika Kusini tangu enzi za zamani za michezo yake. SHAMROCK ya Aer Lingus ni mmea wenye majani matatu matatu, nembo ya Ayalandi. CEDAR JET ya Middle East Airlines ni mwerezi wa Lebanoni, mti ulio kwenye bendera ya nchi hiyo. EDELWEISS, ambalo ni jina la shirika lenyewe pia, ni ua jeupe la milima ya Alpi, na shirika ni la Uswisi.

Ghuba ina maneno mawili ya aina hii yanayofaa kukumbukwa na kila anayeishi huko. SalamAir ya Oman, yenye herufi OMS, huitwa MAZOON. Mazuni ni jina la kale la Oman. Kampuni ya ndege za mizigo za DHL iliyoko Bahareni, herufi DHX, huitwa DILMUN, jina la ustaarabu wa kale uliokuwa na makao katika visiwa hivyo. Bila neno hilo, anayeona ndege ya njano yenye maandishi ya DHL angeiandika Ujerumani, maana makao makuu ya kampuni mama yako Bonn. Nayo DHL ina kampuni nyingine ya ndege huko Leipzig, Ujerumani, yenye herufi BCS na jina EUROTRANS, na nyingine Uingereza yenye herufi DHK na jina WORLD EXPRESS. Rangi ni moja, mizigo ni ya mteja mmoja, ila kuna vyeti vitatu na serikali tatu zinazosimamia.

Aina ya tatu ni neno ambalo halina nchi ndani yake, au lina historia tu. SPEEDBIRD ni mfano mkongwe. Lilianza kama nembo ya ndege mwenye mbawa kali, iliyochorwa na Theyre Lee-Elliott mwaka 1932 kwa ajili ya Imperial Airways, shirika ambalo ndege zake za majini zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kuanzia mwaka 1937. Nembo ikarithiwa na BOAC, na neno likabaki redioni British Airways ilipoundwa mwaka 1974. Hakuna silabi yake inayosema Uingereza. Inabidi ijulikane tu. DYNASTY ni ya China Airlines, nayo ina mtego wake hapo chini. OCEAN ni Discover Airlines ya Ujerumani. MOONFLOWER ni Neos ya Italia. Kwa maneno ya aina hii, anayebahatisha atakosea. Orodha ndiyo njia pekee.

Mfano kamili: ndege ya Neos Zanzibar

Neos huleta watalii Zanzibar kutoka Italia, na kwa safari hiyo ndefu hutumia Boeing 787. Chukua mtu aliyesimama nje ya uwanja wa Abeid Amani Karume, simu mkononi, akiiona ndege ikikaribia kutua. Kwenye skrini safari inaanza na NOS na kufuatwa na tarakimu. Usajili unaoonyeshwa ni EI-NEO. Redioni, kwa aliye na rekodi, ni MOONFLOWER.

Hatua ya kwanza na ya pili ni nyepesi: herufi ni NOS, alama ya nne ni tarakimu, kwa hiyo ni kitambulisho cha shirika. Herufi hazitaji nchi yoyote. Neno nalo halisaidii, kwani ua la mbalamwezi halina utaifa.

Usajili ndio unaovuta macho. EI ni alama ya Ayalandi. Aliyezoea kusoma ndege kwa mkia wake ataandika Ayalandi na kufunga daftari, na atakuwa amekosea. Orodha inasema NOS ni Neos, na nchi ni Italia. Tofauti hii ina sababu. Mashirika mengi hayamiliki ndege zao, huzikodi kwa miaka kadhaa kutoka kampuni za ukodishaji, na Ayalandi ndiyo makao ya nyingi kati ya kampuni hizo. Ndege inaweza kubaki kwenye daftari la usajili la Ayalandi huku ikiendeshwa kwa cheti cha nchi nyingine. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio msingi wa sheria za anga za dunia, una kifungu kilichoongezwa baadaye, namba 83 bis, kinachoruhusu nchi ya usajili kukabidhi sehemu ya wajibu wake wa usimamizi kwa nchi ya mwendeshaji.

Jibu la mwisho basi lina mistari miwili: shirika ni la Italia, ndege imesajiliwa Ayalandi. Yote mawili ni kweli, na yasiunganishwe kuwa jibu moja. Ili kuthibitisha zaidi, kuna kipimo kingine kisichohitaji hata intaneti: ndege nyingine za shirika hilohilo. Baadhi ya zile ndogo za Neos, aina ya Boeing 737, zimesajiliwa kwa I-, alama ya Italia yenyewe.

Chapa moja, nchi kadhaa

Eneo lenye makosa mengi kuliko yote ni mashirika yenye jina moja na rangi moja yanayoruka kwa vyeti vya nchi tofauti. Hapa rangi za ndege hazina msaada kabisa, na herufi tatu ndizo zinazotenganisha.

easyJet ni mfano ulio wazi. Shirika la asili ni la Uingereza: herufi EZY, jina EASY. Kwa miaka mingi lilikuwa pia na kampuni ya Uswisi, herufi EZS, jina TOPSWISS. Kisha Waingereza wakapiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2016. Haki ya kuruka kati ya miji miwili ya ndani ya Umoja, kama Paris na Milano, ni ya mashirika yenye cheti cha nchi mwanachama. easyJet ikafungua kampuni ya tatu jijini Vienna mwaka 2017, chini ya sheria za Austria: herufi EJU, jina ALPINE. Usajili wa ndege hizo huanza na OE, wakati zile za Uingereza huanza na G na za Uswisi na HB. Abiria haoni tofauti yoyote. Tiketi zinafanana, viti vinafanana, rangi ni ileile ya chungwa.

ALPINE lina hatari yake. Milima ya Alpi imeenea Uswisi, Italia, Ufaransa na Austria, na wengi wakisikia neno hilo hukimbilia Uswisi. Lakini Uswisi ya easyJet ni TOPSWISS. Neno la aina ya alama linapoelekea nchi zaidi ya moja, herufi ndizo za kuamua.

Karibu zaidi na kwetu ni Air Arabia, ambayo husafiri kati ya Sharjah na Nairobi. Ile ya Sharjah ni ABY, jina ARABIA, na ni ya Falme za Kiarabu. Yenye MAC, ARABIA MAROC, ni ya Moroko. Yenye RBG, ARABIA EGYPT, ni ya Misri. Hapa jina la redioni limefanywa lisaidie, na si kila kundi la mashirika linafanya hivyo.

Mitego mingine inayorudi mara kwa mara

*Jina la shirika lenye jina la nchi.* China Airlines, herufi CAL, jina DYNASTY, makao yake ni Taiwan. Air China, herufi CCA, jina AIR CHINA, ni ya Beijing. Taarifa za habari zimeyachanganya mashirika haya mara nyingi, na herufi tatu zingetosha kuyatenganisha.

*Safari moja yenye nambari nyingi.* Mashirika yanayoshirikiana huuza viti vya safari moja kwa nambari zao wenyewe. Ubao wa uwanjani unaweza kuonyesha KQ mbele ya safari inayoendeshwa na KLM. Redioni safari hiyo ina jina moja tu, la anayeiendesha. Kwa hiyo ubao usitumike kutambua nchi. Kitambulisho kilichotangazwa na ndege ndicho kitumike.

*Ndege ya kukodi pamoja na marubani.* Shirika linapozidiwa, kwa mfano msimu wa Hija, hukodi ndege ikiwa na wafanyakazi wake wote. Air Atlanta ya Aislandi imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi kwa ajili ya Saudia. Safari huruka kwa herufi SVA na jina SAUDIA, huku mkia ukiwa na TF, alama ya Aislandi. Hapa herufi zinasema safari ni ya nani, lakini si wao wanaoishika usukani. Ni hali ambayo herufi tatu hazitoshi, na ndiyo sababu hatua ya tano haipaswi kurukwa. Usajili ukitofautiana na herufi, yapo maelezo mawili ya kawaida: ukodishaji wa ndege tupu, kama wa Neos, au ukodishaji wa ndege na marubani. La kwanza hudumu miaka na huwa na rangi kamili za shirika. La pili mara nyingi ni la muda, na ndege huweza kuwa nyeupe tupu au kuwa na jina la mwenyewe lililoandikwa kwa udogo karibu na mlango.

*Nambari isiyofanana na ya tiketi.* Ili nambari mbili zinazofanana kwa sauti zisikutane angani, mashirika mengi hubadilisha mwisho wa kitambulisho na kuweka herufi, mathalani tarakimu mbili na herufi mbili. Msomaji akiikosa nambari ya tiketi yake kwenye skrini asidhani ndege ni nyingine. Atazame herufi tatu za mwanzo, njia na saa.

*Orodha iliyopitwa na wakati.* Mashirika hufa, huungana na kubadili majina. Marubani wa US Airways walijiita CACTUS, neno lililotoka kwa America West ya jangwa la Arizona na kubaki baada ya mashirika hayo mawili kuungana. Safari za jina hilo zilikoma mwaka 2015. Turkish Airlines nayo ilikuwa TURKAIR kabla ya kuwa TURKISH. Anayesoma taarifa ya ajali ya zamani anahitaji orodha ya wakati huo, na anayetazama ndege leo anahitaji toleo la karibuni.

Tahadhari kuhusu kusikiliza

Mazungumzo ya marubani na waongoza ndege hufanyika katika masafa ya 118 hadi 137 MHz, na vipokezi vinavyoyafikia huuzwa kwa urahisi. Urahisi huo usichukuliwe kuwa ruhusa. Nchi nyingi zina sheria zinazozuia kusikiliza au kutangaza mawasiliano yasiyokusudiwa umma. Kabla ya kununua kipokezi, swali liulizwe kwa mdhibiti wa mawasiliano: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Kwa kazi ya kutambua nchi, herufi za kwenye skrini zinatosha, maana neno la redioni na herufi hupatikana katika mstari mmoja wa orodha.

Orodha ya kukagua kabla ya kuandika nchi

- Kitambulisho kina herufi tatu na alama ya nne ni tarakimu.
- Herufi zimetoka kwa ndege yenyewe. Hazikutolewa kwenye ubao wala kwenye tiketi.
- Nchi imesomwa kwenye safu ya nchi, haikubuniwa kutokana na herufi wala jina.
- Ikiwa chapa ina kampuni dada, herufi zimelinganishwa na za kampuni hizo.
- Neno la redioni, kama limesikika, linapatana na herufi.
- Usajili umetazamwa. Ukitofautiana, aina ya ukodishaji imeandikwa pembeni.
- Toleo la orodha ni la wakati wa safari inayochunguzwa.